Ukitoka nje ya njia, saa haikutafutii njia nyingine

Jumamosi iliyopita nimeisikia tena kauli ileile, safari hii kwa mwalimu wa sekondari hapa Kigoma aliyeniletea saa yake ya kukimbilia. "Kaka, hii saa mbovu. Nilitoka barabarani kidogo, nikasubiri inipe njia nyingine, ikanyamaza. Baadaye ikanigeuza nirudi nyumbani kabla sijafika."

Saa yake ni nzima. Kinachoniumiza ni kwamba kauli hiyo naisikia karibu kila mwezi, na kila anayeileta amekwisha kukimbia kilomita kadhaa akiamini kuna kitu kinamfikiria pale mkononi.

Dhana: Ukipotea, saa itapiga hesabu upya kama simu ya dereva wa teksi

Simu ya dereva ina ramani ya barabara zote, inajua ipi inaungana na ipi. Faili ya njia uliyoiingiza kwenye saa, yaani GPX, haina barabara hata moja. Ina orodha ya nukta, kila nukta ina latitudo na longitudo yake, basi. Saa inaziunganisha nukta hizo kwa mistari iliyonyooka, inakuchorea uzi mmoja, kisha kazi yake inakuwa moja tu: kupima uko umbali gani kutoka kwenye uzi. Umbali ukizidi kiwango ilichowekewa, inatetemeka na kuandika `Off Course`. Haijui kama kulia kwako kuna kichochoro, korongo au ziwa.

Tuchukue mbio za mwalimu mwenyewe. Alichora njia ya kilomita 18: kuanzia stesheni ya reli, kupanda Mwanga, kwenda Ujiji hadi kwenye kumbukumbu ya Livingstone, kisha kurudi kwa barabara ileile. Kwenye kilomita ya 6 alikuta mtaro umechimbwa, akaingia mtaa wa kulia. Saa haikusema kitu papo hapo, na haikupaswa. Kipimo cha setilaiti huyumba kwa mita kadhaa hata mahali pa wazi, kwa hiyo saa husubiri utoke makumi ya mita ndipo ilalamike. Kwa mwendo wa dakika 6 kwa kilomita, mita 50 ni sekunde 18 za kukimbia. Na ukikimbia mtaa unaofuatana na barabara kwa ukaribu, huenda isilalamike kabisa.

Ilipotetemeka, mwalimu akaendelea mbele akingoja mshale mpya. Saa ikanyamaza, naye akauchukulia ukimya kuwa hesabu imekamilika. Hapa ndipo ninapowasihi watu wanisikilize: saa ikikaa kimya baada ya onyo, maana yake ni kwamba onyo limekwisha kutolewa, hakuna kingine. Bado uko nje.

Alivyorudi barabarani alikuwa kwenye kilomita ya 7. Zilipaswa kubaki 11. Saa ikaandika 7, na mshale ukaelekea stesheni. Sababu ni hii: barabara ni ileile kwenda na kurudi, kwa hiyo mahali pale pana nyuzi mbili zimelaliana. Moja ni kilomita ya 7 ya kwenda, nyingine ni kilomita ya 11 ya kurudi. Saa ilipomkuta tena ilitafuta nukta iliyo karibu naye, ikashika ya kurudi. Kumi na nane ukitoa 11 zinabaki 7. Saa ilihesabu sawasawa, ila kwenye uzi usio wake.

Ndiyo maana kila anayekuja kwangu namwambia agawe njia ya kwenda na kurudi kuwa faili mbili. Iite moja "Kwenda", nyingine "Kurudi". Ukifika Ujiji unafunga ya kwanza na kufungua ya pili, na saa nyingi hukuruhusu kufanya hivyo bila kusimamisha mbio zako. Njia inayojikata katikati kama tarakimu 8 nayo nigawie hivyohivyo. Dalili ya kuangalia ni umbali uliobaki: ukiruka ghafla kwa kilomita kadhaa, saa imeshika uzi mwingine, usiufuate mshale.

Na ukitetemeshewa `Off Course` ufanye nini? Simama. Fungua ukurasa wa ramani, vuta picha kwa nje mpaka uuone uzi na alama yako kwa pamoja. Kama unaijua mitaa, chagua mahali pa kuukuta uzi huko mbele. Kama huijui, rudi kwa nyayo zako hadi pale saa ilipotetemeka. Baadhi ya saa huchora mstari wa kukurudisha kwenye uzi, lakini mstari huo ni wa ndege: unapita juu ya ukuta wa mtu, juu ya bonde, popote.

Wenye saa za bei kubwa zilizobeba ramani wataniambia zao hupiga hesabu upya. Ni kweli, baadhi hufanya hivyo. Lakini zinapiga hesabu kwa barabara zilizomo kwenye ramani, na njia nyingi za miguu tunazokimbilia huku hazimo. Isitoshe, nyingine hukutafutia njia ya kufika mwisho, si ya kurudi kwenye uzi. Ukiwa unazunguka na mwisho wako ni pale ulipoanzia, itakupeleka nyumbani kwa mkato na mazoezi yameishia hapo. Mimi uwezo huo nauzima kwenye kila saa ninayoandaa, labda mwenyewe akatae.

Dhana: Faili yoyote ya njia ina maelekezo ya kona

GPX uliyotumiwa na rafiki kutokana na mbio zake kwa kawaida haina. Ifungue kwenye kompyuta kwa programu ya maandishi. Ukikuta mistari kama huu peke yake, una uzi tu:

```
<trkpt lat="-4.8770" lon="29.6270"></trkpt>
```

Kwenye TCX, aina nyingine ya faili ya njia, ikiwa na kona utakuta pia maneno kama haya:

```
<PointType>Left</PointType>
```

Hizo kona huwekwa na programu ya kuchorea njia, kwa hiyo chora njia kwenye programu inayofuata barabara, kisha uitoe kama TCX au uitume moja kwa moja kwenye saa. Usichore kwa kugusa nukta moja moja kwa mbali. Nukta mbili zikipishana mita 500 kwenye barabara iliyopinda, uzi utakata mpindo, na saa itakulaumu ukiwa katikati ya lami.

Dhana: Bila bando saa haifanyi kazi

Inafanya. Setilaiti hazitumii bando. Intaneti unaihitaji wakati wa kuchora njia na kuihamishia kwenye saa, ukiwa nyumbani.

Dhana: Saa ikisema mwanzo wa njia uko mbali mno, GPS imekufa

Angalia kwanza alama ya kutoa. Kigoma iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo latitudo yake huanza na `-4.8`. Kijana mmoja aliandika nukta zake kwa mkono akaisahau alama hiyo, na saa ikamwambia mwanzo uko zaidi ya kilomita 1,000. Ilikuwa sahihi: nukta zake ziliangukia Sudan Kusini. Tuliongeza alama ya kutoa kwenye kila mstari, tukaingiza faili upya, na uzi ukaanzia mlangoni kwa stesheni.