Barua ya kuomba kuhamisha fedha kati ya kasma za bajeti ya mradi

Barua ya kuomba kuhamisha fedha kati ya kasma ni maombi rasmi ambayo shirika lililopewa ruzuku humwandikia mfadhili wakati mradi ukiendelea, likimwomba aridhie kwamba kiasi kilichotengwa kwa matumizi ya aina moja kitumike kwa matumizi ya aina nyingine ndani ya bajeti ileile. Kasma ni mstari wa bajeti wenye kiasi chake, kama vile mishahara, mafunzo, vifaa au mafuta ya gari. Jumla ya ruzuku haiongezeki, tarehe ya kumaliza mradi haisogei, na kazi iliyoahidiwa inabaki ilivyo. Kinachobadilika ni mgawanyo wa fedha tu. Kwa hiyo barua hii si maombi ya kuongezewa fedha wala ya kuongezewa muda, na anayeyachanganya maombi hayo matatu katika barua moja huifanya ngumu kujibiwa, kwa kuwa mara nyingi kila ombi huamuliwa na ngazi yake ya uongozi.

Ridhaa inahitajika kwa sababu bajeti ni kiambatisho cha mkataba wa ruzuku. Mfadhili alipotia saini hakukubali jumla peke yake, bali alikubali pia kwamba kiasi hiki kitakwenda kwenye mafunzo na kiasi kile kwenye ujenzi. Mikataba mingi huacha nafasi ya kusogeza fedha kidogo bila kuomba, na hapo ndipo watu wengi hujikwaa, maana kipimo cha hiyo nafasi hutofautiana sana kati ya mfadhili mmoja na mwingine.

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wenye hesabu kamili. Shirika dogo lina ruzuku ya shilingi 240,000,000 kwa miezi 18, kuanzia Januari, kwa ajili ya kuvuna maji ya mvua katika shule 12 za msingi wilayani Kondoa. Kasma ya mafunzo ya kamati za maji ina shilingi 48,000,000, zilizokadiriwa kwa mafunzo 24, yaani awamu mbili kwa kila shule, kwa shilingi 2,000,000 kila moja. Kasma ya matangi na vifaa vya ujenzi ina shilingi 78,000,000, sawa na 6,500,000 kwa kila shule. Kufikia Septemba, awamu ya kwanza ya mafunzo imekamilika katika shule zote 12 kwa wastani wa shilingi 1,450,000, kwa sababu yalifanyika madarasani badala ya kumbi za kukodi na washiriki hawakuhitaji malazi. Shule tano zimekwisha kujengewa kwa bei iliyokadiriwa. Saba zilizobaki ziko mbali na barabara kuu, na ankara kifani mpya za wauzaji, yaani hati za bei zinazotolewa kabla ya kununua, pamoja na kusafirisha saruji, nondo, mabati na matangi hadi vijijini, zinafikisha gharama ya kila shule shilingi 8,200,000.

Mwandishi wa barua hufanya hesabu ya pande zote mbili kabla ya kuandika neno lolote. Awamu ya pili ya mafunzo, kwa bei halisi, itahitaji shilingi 17,400,000. Ukijumlisha na 17,400,000 zilizokwisha kutumika, mafunzo yote yatagharimu 34,800,000, na bakaa ni 13,200,000. Upande wa ujenzi, shule tano zilimeza 32,500,000 na saba zitahitaji 57,400,000. Jumla ni 89,900,000, na pengo ni 11,900,000. Kiasi cha kuomba, basi, ni hizo 11,900,000, wala si bakaa yote. Shilingi 1,300,000 zinazosalia hubaki kwenye mafunzo. Anayeomba kuhamishiwa bakaa nzima kwa sababu tu ipo huwa amekwisha kuonyesha kwamba hajapiga hesabu ya anachohitaji, na msomaji makini wa upande wa mfadhili hulitambua hilo mara moja.

Sasa turudi kwenye kipimo. Je, uhamisho huu wa shilingi 11,900,000 unahitaji kibali? Jibu hutegemea asilimia inapimwa kwa kitu gani. Ukiipima kwa bajeti nzima, ni takriban asilimia 5. Ukiipima kwa kasma inayopokea, ni asilimia 15 na kidogo. Ukiipima kwa kasma inayotoa, ni karibu asilimia 24.8. Wapo wafadhili wanaoruhusu kusogeza hadi asilimia 10 ya kila kasma. Kwao, kibali ni lazima. Katika masharti ya jumla ambayo Umoja wa Ulaya hutumia kwa ruzuku za miradi iliyo nje ya nchi zake, mpokeaji anaweza kuhamisha kati ya vichwa vikuu vya bajeti, yaani makundi makubwa ya kasma, bila kuomba ikiwa badiliko halizidi asilimia 25 ya kiasi cha awali cha kila kichwa kinachohusika, mradi lengo la msingi lisiguswe na atoe taarifa kwa maandishi kabla ya ripoti inayofuata au pamoja nayo. Kwa kipimo hicho, na kama mafunzo na ujenzi ni vichwa vikuu, mfano wetu unapita kwa chembe. Kanuni za ruzuku za serikali kuu ya Marekani nazo huiruhusu taasisi inayotoa ruzuku kubwa kudai kibali pale ambapo uhamisho wote kwa pamoja unazidi asilimia 10 ya bajeti nzima. Lakini kanuni hizohizo zina sharti lingine linalosahaulika kwa urahisi: fedha zilizotengwa kwa posho, nauli na malazi ya washiriki wa mafunzo hazihamishwi kwenda kasma nyingine bila kibali cha awali. Asilimia 5 yetu, iliyoonekana salama, ingehitaji barua kwa sababu ya aina ya fedha, si ukubwa wake.

Neno “kwa pamoja” nalo lisipitwe haraka. Uhamisho mdogo wa Machi, mwingine wa Juni na huu wa Septemba hujumlishwa palipo na sharti la namna hiyo, na ni vizuri mhasibu awe na daftari moja la kila fedha iliyosogezwa tangu siku ya kwanza.

Barua yenyewe haihitaji kurasa nyingi. Juu huwekwa namba ya kumbukumbu ya ruzuku na jina la mradi kama vilivyo kwenye mkataba, kisha kichwa cha habari kinachotaja kasma zote mbili na kiasi. Ombi likae katika aya ya kwanza. Watu wengi huanza kwa kueleza historia ya mradi, na afisa wa mfadhili anafika ukurasa wa pili bila kujua anaombwa nini. Kwa mfano wetu, aya ya kwanza na ya pili zingeweza kusomeka hivi:

“Tunaomba ridhaa yenu ya kuhamisha shilingi 11,900,000 kutoka kasma ya 2 (Mafunzo ya kamati za maji) kwenda kasma ya 3 (Matangi na vifaa vya ujenzi). Kasma ya 2 itapungua kutoka shilingi 48,000,000 hadi 36,100,000, na kasma ya 3 itaongezeka kutoka shilingi 78,000,000 hadi 89,900,000. Jumla ya ruzuku haibadiliki.

Mafunzo yote 24 yatafanyika kama yalivyopangwa. Bila uhamisho huu, fedha zilizobaki katika kasma ya 3, yaani shilingi 45,500,000, zitatosha shule 5 kati ya 7 zilizosalia, na mradi utaishia shule 10 badala ya 12.”

Aya hiyo ya pili ndiyo moyo wa barua. Mfadhili ana maswali mawili kabla ya mengine yote: kile ninachokipunguza kitaathirika vipi, na nisiporidhia kitatokea nini? Waombaji wengi hujibu la pili kwa bidii na kulikwepa la kwanza. Kama kasma ya mafunzo ina ziada kwa sababu mafunzo yalifanyika kwa gharama ndogo, hilo ni jambo la kuelezwa kwa sentensi moja yenye takwimu. Kama ina ziada kwa sababu mafunzo hayakufanyika, hilo ni jambo jingine kabisa, kwani sasa kuna ahadi inayopunguzwa, na barua inapaswa kusema wazi kwamba inaomba pia kubadilisha malengo. Kuficha tofauti hiyo ndiko kunakowafanya wafadhili wawe wagumu hata kwa wale wanaoomba kwa haki.

Sababu za upungufu nazo zinahitaji ushahidi. “Bei zimepanda” haitoshi. Linganisha ankara ya shule tano za mwanzo na ankara kifani za sasa, onyesha ni kifaa gani kimepanda na kwa kiasi gani, na tenganisha ongezeko la bei na gharama ya usafiri, maana usafiri wa kwenda vijiji vya mbali ungeweza kukadiriwa tangu mwanzo. Ni afadhali kukiri kwamba makadirio ya awali yalitumia bei moja kwa shule zote kuliko kumwachia afisa aligundue mwenyewe. Kiambatisho cha lazima ni jedwali la bajeti nzima lenye safu nne: kiasi kilichoidhinishwa, kilichotumika hadi sasa, badiliko linaloombwa, na bajeti mpya. Safu ya badiliko ikijumlishwa lazima itoe sifuri. Isipotoa sifuri, kuna kosa, au kuna fedha za ziada zinazoombwa kimyakimya.

Kuhusu wakati, masharti ya Umoja wa Ulaya yanataka ombi la kurekebisha mkataba liwasilishwe siku 30 kabla ya tarehe ambayo badiliko linatakiwa kuanza. Hata pasipo na sharti hilo, Kondoa mvua huanza kati ya Novemba na Desemba, na tangi lisilokuwa tayari kufikia hapo hukosa sehemu ya msimu pekee wa mvua uliobaki kabla ya mradi kufungwa Juni. Barua ya katikati ya Septemba inatoa nafasi ya kujibiwa, kuagiza na kujenga. Ya Novemba haitoi. Pia inasaidia kutaja ndani ya barua tarehe ambayo ankara kifani zinakoma kutumika, ili anayeamua ajue kwa nini anaharakishwa.

Kosa linalogharimu zaidi ni kutumia kwanza na kuomba baadaye. Mkaguzi wa hesabu huweka tarehe ya kibali kando ya tarehe ya hati ya malipo, na malipo yaliyotangulia kibali yanaweza kuhesabiwa kuwa gharama isiyokubalika, hata kama matangi yapo na wanafunzi wanakunywa maji. Shirika litalazimika kuzirudisha fedha hizo kutoka mfuko wake, na mashirika madogo mengi hayana mfuko huo. Kukubaliwa kwa simu au kikaoni hakumlindi mtu, kwa sababu afisa aliyekubali anaweza kuhamishwa kabla ya ukaguzi. Baada ya mazungumzo ya namna hiyo, iandikwe barua pepe inayorudia kilichosemwa na kuomba jibu la maandishi kutoka kwa yule aliyetajwa katika mkataba kuwa na mamlaka ya kuridhia.

Jibu likifika, nakala yake hukaa pamoja na mkataba, na nyingine huambatishwa kwenye hati ya malipo ya kwanza inayotumia bajeti mpya. Katika taarifa ya fedha inayofuata, bajeti ya awali haifutwi: huonyeshwa safu ya bajeti iliyoidhinishwa mwanzoni, kisha safu ya bajeti iliyorekebishwa pamoja na tarehe ya kibali. Kama mfadhili ameridhia kiasi pungufu, tuseme shilingi 8,200,000 zinazotosheleza kuongeza shule moja tu, basi ni hizo ndizo zinazoingizwa, na shule ya 12 huandikiwa barua yake nyingine au hutolewa kwenye malengo kwa maandishi.