Imani ya awali, data na imani mpya: dhana potofu kuhusu beta na binomia

Mkulima amehifadhi mbegu za mahindi za msimu uliopita, na kabla mvua hazijaanza anataka kujua ni sehemu gani ya mbegu hizo itaota. Kwa uzoefu wake huwa zinaota kama asilimia 80. Anachukua mbegu 20, anazifunga kwenye kitambaa chenye unyevu, na baada ya siku saba anakuta 13 zimeota. Ashike ile 80 ya uzoefu, au 65 ya kitambaa?

Kwa njia ya Bayes, inayosahihisha imani ya awali kwa data, uwiano wa mbegu zinazoota tunauita p, na imani ya awali kuhusu p tunaiandika kwa mgawanyo wa beta, tuseme Beta(8, 2), kana kwamba ameshaona mbegu 8 zikiota na 2 zikikataa. Data ni za binomia, yaani hesabu ya zilizoota kati ya zilizojaribiwa: 13 kati ya 20. Kazi iliyobaki ni kujumlisha tu. Zilizoota zinaongezwa kwenye namba ya kwanza, zisizoota kwenye ya pili, tunapata Beta(8 + 13, 2 + 7), yaani Beta(21, 9). Wastani wake ni 21/30, sawa na 0.70, na p ina uwezekano wa asilimia 95 wa kuwa kati ya takriban 0.53 na 0.85. Hesabu ni nyepesi mno, na kwa sababu hiyo watu huipita bila kuuliza kila namba inasema nini. Hapo ndipo dhana potofu zinapoingia.

Dhana: "Naamini asilimia 80" inatosha kuwa imani ya awali.

Haitoshi. Beta(8, 2) ina wastani wa 0.80, na Beta(80, 20) pia. Ya kwanza ina uzito kama wa mtu aliyewahi kuona mbegu 10 tu, ya pili kama wa aliyeona mbegu 100. Mletee huyu wa pili kitambaa kilekile cha 13 kati ya 20, naye anafika Beta(93, 27), wastani 0.775. Data hazijabadilika, ila yeye amesogea kidogo tu wakati mwenzake ameshuka hadi 0.70. Kwa hiyo kabla ya kuchagua namba mbili za beta, jiulize jumla yake: uzoefu wako una thamani ya mbegu ngapi za kweli? Mtu asiyeweza kujibu swali hilo bado hajaandika imani yake.

Na uzoefu huo usitoke kwenye kitambaa hichohicho. Anayeona 13 kati ya 20 kwanza, kisha akachagua beta inayofanana nayo, amezihesabu mbegu zilezile mara mbili, na imani yake mpya itaonekana na uhakika ambao haupo.

Dhana: Mkunjo wa data unaonyesha uwezekano wa kila thamani ya p.

Kosa hili ndilo gumu kuliko yote kuling'oa. Mkunjo wa data hujibu swali lingine: kama p ingekuwa kiasi fulani, kupata 13 kati ya 20 kungetarajiwa kwa kiasi gani? Kwa p = 0.65 jibu ni 0.184; kwa p = 0.80 ni 0.055. Maana yake ni kwamba data zinaiunga mkono 0.65 zaidi ya mara tatu kuliko 0.80. Haimaanishi kwamba p ina uwezekano wa asilimia 18 wa kuwa 0.65. Eneo chini ya mkunjo huo wala halifiki 1: kwa mbegu 20 ni 1/21.

Utaiona shida hii siku utakapochora mikunjo mitatu pamoja. Imani ya awali na imani mpya zinapanda juu, na mkunjo wa data unalala chini kana kwamba hauna la kusema. Dawa yake ni kuukuza mpaka eneo lake liwe 1, na kwa 13 kati ya 20 hilo linatupa umbo la Beta(14, 8). Katika R, lugha ya kompyuta ya takwimu:

```
curve(dbeta(x, 8, 2), 0, 1, ylim = c(0, 6), lty = 3)
curve(dbeta(x, 14, 8), add = TRUE, lty = 2)
curve(dbeta(x, 21, 9), add = TRUE)
```

Nukta ni imani ya awali, vistari ni data, mstari mzima ni imani mpya. Utaona ule mstari mzima umesimama katikati ya hiyo miwili, karibu zaidi na data, kwa kuwa mbegu 20 zina uzito mara mbili ya zile 10 za uzoefu.

Dhana: Imani mpya ikiwa nyembamba, mambo ni salama.

Chukua mkulima mwingine anayejiamini sana: Beta(45, 5), wastani 0.90. Kitambaa chake kinaotesha 4 tu kati ya 20. Jumlisha: Beta(49, 21), wastani 0.70, sawasawa na yule wa kwanza. Tena mkunjo wake ni mwembamba zaidi. Anayeangalia imani mpya peke yake atasema huyu ana uhakika kuliko mwenzake, kumbe amesimama mahali ambapo si uzoefu wake wala data zake zilikuwepo. Uzoefu ulisema 0.90, kitambaa kikasema 0.20, na hesabu ikatoa 0.70 bila kulalamika.

Fomula haitakuambia kuwa pande mbili zinagombana. Hili ndilo linalonifanya nisisitize kuchora mikunjo yote mitatu kila mara. Kuna pia kipimo rahisi: acha imani ya awali itabiri matokeo, kisha uone kama uliyoyapata yamo ndani yake.

```
p <- rbeta(10000, 45, 5)
mean(rbinom(10000, 20, p) <= 4)
```

Hapa jibu litakuwa 0 karibu kila mara utakapoendesha. Kwa maneno mengine, kama imani hiyo ilikuwa sahihi, kitambaa cha namna hii kisingetokea. Inabidi kurudi nyuma: pengine mbegu ziliingiliwa na dumuzi ghalani, pengine kitambaa kilikauka. Kulainisha tofauti kwa wastani si jibu.

Wala si kweli kwamba data mpya lazima zipunguze shaka. Mwenye Beta(20, 1) akiona mbegu moja tu imeshindwa kuota anafika Beta(20, 2), na mchepuko wa kawaida, kipimo cha upana wa mkunjo, unapanda kutoka 0.045 hadi 0.060. Kilichomshangaza kimemwongezea shaka, na ni haki.

Dhana: Beta(1, 1) haina maoni yoyote.

Ina uzito wa mbegu mbili, moja iliyoota na moja iliyokataa. Kwa data nyingi hilo halina athari. Mwanahisabati Mfaransa Laplace aliposoma takwimu za watoto waliozaliwa Paris kuanzia 1745 hadi 1770, wavulana 251,527 na wasichana 241,945, mbegu hizo mbili zilimezwa kabisa, na wastani ukabaki 0.5097. Ila kwa mbegu 10 ambazo hakuna hata moja iliyoota, Beta(1, 1) inatoa wastani wa 0.083 na Beta(0.5, 0.5) inatoa 0.045. Kwa data chache, taja uliyoitumia.

Dhana: Mbegu zikiwa nyingi, uhakika umepatikana.

Binomia inadai kila mbegu iwe na p ileile na isitegemee jirani yake. Mbegu 400 zilizochotwa pembe moja ya gunia iliyolowa zitakupa mkunjo mwembamba sana kuhusu pembe hiyo. Kanuni za kimataifa za kupima uotaji hutumia mbegu 400 kwa mafungu ya 100, na mafungu hayo yanakupa nafasi ya kukagua. Tuseme yametoa 88, 61, 90 na 57. Jumla ni 296, asilimia 74, lakini kwa binomia kila fungu lingetarajiwa kupotoka kwa takriban mbegu 4 tu kutoka 74. Haya yamepotoka kwa 13 hadi 17. Gunia hilo lina zaidi ya p moja, na beta moja iliyojengwa kwa 296 kati ya 400 itakuwa nyembamba kupita haki yake.