Bugenvilia yenye miiba mirefu isiyotoa ua: dhana potofu na ukweli

Bugenvilia inayogoma kuchanua kwa kawaida haionekani mgonjwa hata kidogo. Majani ni mapana, kijani kimekolea, matawi yamepanda ukuta na kila wiki yanazidi kurefuka. Hapo ndipo mwenyewe anapochanganyikiwa: mmea umenawiri namna hii, sasa maua yako wapi?

Jibu lipo kwenye mwiba. Pale kikonyo cha jani kinapoungana na tawi, katika kwapa la jani, kuna jicho dogo. Jicho hilo linaweza kukua likawa mwiba, na linaweza kukua likawa kishada cha maua. Mwiba na kishada ni kiungo kimoja kilichoishia katika maumbo mawili. Kagua tawi lililochanua na tawi lisilochanua, utaona kishada cha lile kimekaa mahali hasa ambapo lile jingine lina mwiba.

Kinachoamua ni hali ya mmea wakati jicho lingali changa. Majani machanga ya nchani, yale yanayokua kwa kasi, yana homoni iitwayo jibereli, nayo hulivuta jicho liwe mwiba. Sukari inayotengenezwa na majani yaliyokomaa yakiwa juani hulivuta upande wa maua. Kwa hiyo mmea unaokimbilia kurefuka una miiba mingi, na mmea uliopunguza mwendo huku ukipigwa jua una maua. Dhana nyingi kuhusu bugenvilia zinakosea hapo hapo: zinauchochea mmea ukimbie zaidi.

Dhana: "Hii ni dume, haitazaa ua kamwe."

Fikra hii imetoka kwenye mipapai, ambako kweli kuna miti dume na miti jike. Bugenvilia haina mgawanyo huo. Kile kiua chembamba cheupe au cha manjano hafifu kilicho katikati ya majani ya rangi kina sehemu za kiume na za kike pamoja. Hayo majani ya rangi, kwa kawaida matatu, ndiyo watu wengi wanayoyaita ua, na ndiyo tunayoyatafuta hapa.

Lipo jambo lenye ukweli kidogo nyuma ya dhana hii. Mche uliotokana na mbegu hukawia kuchanua, na aina nazo hutofautiana. Nyingine huchanua kwa urahisi na nyingine zinataka kubanwa. Lakini kung'oa mmea wenye afya kwa sababu ya "udume" ni kuuonea.

Dhana: "Inapata mwanga wa kutosha, si unaona ilivyo kijani?"

Kijani si kipimo cha jua. Bugenvilia huishi vizuri tu kwenye mwanga wa wastani. Hupanua majani yake ili inase mwanga zaidi na kurefusha matawi kulitafuta jua. Ule upana wa majani unaokufurahisha mara nyingi ndio dalili kwamba mwanga hautoshi.

Kinachotakiwa ni jua lenyewe likiyapiga majani, kwa muda wa saa sita kwa siku kwa uchache, na zikifika nane ni bora zaidi. Usikisie. Chagua siku isiyo na mawingu, pita kwenye mmea kila baada ya saa moja, na andika kama jua linagusa majani au limezibwa na paa, ukuta au mti. Watu wanaofanya hivi hushangaa, kwa sababu sehemu "yenye jua" mara nyingi ina saa tatu au nne tu. Angalia pia jua linagusa sehemu ipi. Kuna bugenvilia ambayo upande wa huku umejaa kijani kitupu, na upande wa jirani juu ya ukuta umewaka rangi. Mmea ni mmoja na mizizi ni ileile. Tofauti ni jua peke yake.

Hili ndilo sharti la kwanza, na sioni njia ya kulikwepa. Ukipogoa mmea ulio kivulini utapata matawi mengi mapya ya kijani. Ukiunyima maji utapata majani yaliyopukutika. Kama uko kwenye chungu, uhamishe. Kama uko ardhini chini ya mti, punguza matawi ya mti huo kwanza kabla hujaigusa bugenvilia.

Dhana: "Ina njaa, iongezee samadi."

Samadi mbichi, mbolea ya kukuzia nyasi na mbolea yoyote yenye naitrojeni nyingi hujenga majani na maotea. Mmea uliojaa kijani hauna njaa ya naitrojeni. Acha mbolea hadi uone vichwa vya maua, kisha ukitaka toa kiasi kidogo cha mbolea ambayo naitrojeni si nyingi kuliko potasiamu. Iliyo ardhini kwenye udongo wa kawaida mara nyingi haihitaji hata hiyo.

Dhana: "Ukipogoa unakata maua."

Yapo makosa mawili kwenye kupogoa, na yanapingana. La kwanza ni kutokata kabisa. Bugenvilia huchanua kwenye machipuko mapya, hivyo tawi lililoachwa kwa muda mrefu hubaki na kipande kirefu cha shina tupu na rangi kidogo huko mbali nchani, ikiwa ipo. La pili ni la wale wenye uzio wa bugenvilia unaonyolewa kila baada ya wiki chache ili ubaki sawasawa. Hapo kila chipuko hukatwa kabla halijafikia umri wa kutoa kishada, na mwenye mkasi hulaumu aina ya mmea.

Anza na maotea. Ni yale matawi yanayochomoka karibu na ardhi au kutoka shina nene, yamenyooka, yana nguvu, nafasi kati ya jani na jani ni kubwa na miiba ni mirefu. Hayo ndiyo yanayokula nguvu ya mmea bila kutoa ua kwa muda mrefu, kwa hiyo yaondoe hadi kwenye shina. Kisha fupisha matawi mengine kwa kiasi cha theluthi moja, ukikata juu kidogo ya jani linalotazama nje. Vaa glavu ngumu. Mwiba wa bugenvilia hauna huruma.

Machipuko mapya yakifika urefu wa kiganja, minya ncha zake kwa kidole na gumba, mara moja tu. Kwa kuondoa ncha unaondoa yale majani machanga yenye jibereli, na macho yaliyo chini yake yanapata nafasi ya kugeuka. Baada ya hapo weka mkasi pembeni. Kuanzia siku ya kupogoa hadi rangi ionekane huchukua kati ya wiki tano na nane penye jua la kutosha.

Dhana: "Maua yanataka maji kila siku."

Maua mengine, ndiyo. Bugenvilia yenye maji daima huendelea kurefuka kwa sababu haina sababu ya kuacha. Udongo ukikauka, ncha husimama na majani machanga hupungua, lakini majani yaliyokomaa bado yanatengeneza sukari, na sukari hiyo sasa inaelekea kwenye macho.

Tuseme una bugenvilia kwenye chungu, tayari iko juani, imepogolewa na machipuko yake yameminywa ncha. Acha kumwagilia. Usihesabu siku, tazama majani: siku moja alasiri yatalegea na kuning'inia kama kitambaa. Yatazame tena alfajiri. Kama yamesimama yenyewe usiku, mmea bado una maji, subiri. Kama alfajiri bado yamelegea, mwagilia hadi maji yatoke matundu ya chini, kisha acha tena hadi yalegee. Rudia mzunguko huo kwa wiki mbili hadi nne. Kila siku chache chungulia makwapa ya majani karibu na ncha. Mwiba huanza ukiwa umechongoka na mgumu. Kishada huanza kikiwa laini, kimegawanyika kichwani, na punde huonyesha rangi kidogo.

Ukishaona vishada, masharti yanabadilika. Wengi huharibu hapa kwa kuendelea kuunyima mmea maji, na vichwa vichanga vikapukutika. Sasa mwagilia vizuri kila udongo wa juu unapokauka kiasi cha kina cha kifundo kimoja cha kidole. Usirudi kwenye kulowesha kila siku, na usiache majani yalegee tena.

Mpango huu una mipaka. Usiutumie kwa mche uliopandwa karibuni, wala kwa mmea wenye majani ya manjano. Tena, majani yakilegea huku udongo ukiwa umelowa, hicho si kiu. Mizizi inaoza kwa kukosa hewa, na kuongeza maji ni kuumaliza. Hapo kagua matundu ya chungu kwanza.

Dhana: "Chungu kikubwa kitaipa nafasi ya kuchanua."

Kitaipa nafasi ya kukuza mizizi na majani. Chungu kikubwa pia hushika maji kwa muda mrefu, hivyo kile kipindi cha ukavu hakifiki. Bugenvilia huchanua vizuri mizizi ikiwa imebanana. Hamisha tu pale maji yanapopita bila kulowesha udongo, na chagua chungu kinachozidi cha zamani kwa vidole viwili au vitatu upana. Mizizi yake ni myembamba na hukatika upesi, kwa hiyo itoe na bonge lake zima bila kulitikisa.

Mgumu zaidi ni mmea ulio ardhini karibu na bomba linalovuja, shimo la maji machafu au nyasi zinazomwagiliwa kila jioni. Unaweza kuacha kuumwagilia kwa miezi na usione mabadiliko yoyote, kwa sababu mizizi inakunywa kwingine. Ziba bomba kama ni bomba, hamisha kinyunyizio kama ni nyasi. Ikiwa chanzo hakizuiliki, kata vipande vya tawi lililokomaa, unene wa penseli na urefu wa kiganja, uvipande kwenye chungu. Ukipata tawi ambalo limewahi kuchanua, hata mara moja, chukua hilo. Usichukue oteo, hata kama ndilo lililonyooka vizuri kuliko yote.