Kodisili: kubadilisha zawadi moja bila kuuandika wosia upya

Tuchukue mfano wa mjane wa Nakuru aliyeandika wosia tarehe 4 Machi 2016. Katika aya ya 3, ploti yenye duka huko Njoro alimwachia kifungua mimba wake. Mpwa wake alimwandikia shilingi 200,000, na mali iliyobaki akaigawa sawa kwa watoto wote watatu. Miaka imepita, kifungua mimba amehamia Mombasa, na duka linaendeshwa na binti wa mwisho. Mama sasa anataka ploti iende kwa binti huyo, mengine yabaki vilevile.

Wengi hapa huchukua kalamu, wakakata jina la zamani na kuandika jipya juu yake. Chini ya Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, maneno yaliyokatwa au kuongezwa baada ya wosia kutiwa saini hayana nguvu, isipokuwa badiliko lenyewe nalo litiwe saini na kushuhudiwa kama wosia. Kutamka tu mbele ya wanafamilia hakutoshi pia, kwa kuwa wosia wa maandishi haufutwi kwa wosia wa mdomo.

Njia safi ni kodisili, yaani waraka mfupi unaofafanua, kubadilisha au kuongeza jambo katika wosia uliopo. Ufupi wake usikudanganye. Sheria inaihesabu kodisili kuwa ni wosia, na inadai masharti yaleyale. Mama lazima awe na akili timamu siku hiyo. Atie saini au alama yake, na kama mkono haumruhusu, mtu mwingine amtilie saini mbele yake na kwa agizo lake. Kisha wanahitajika mashahidi wasiopungua wawili. Kila mmoja awe amemwona akitia saini, au amesikia kwa kinywa chake mama kwamba saini ile ni yake, na kila mmoja atie saini yake mama akiwapo. Sheria haiwalazimishi kuwa pamoja kwa wakati mmoja, ila mimi huwashauri watu wawakalishe wote meza moja. Maswali hupungua baadaye. Si lazima wawe mashahidi wa mwaka 2016, wala si lazima wakili awe mmoja wao.

Maneno yenyewe yanaweza kuwa hivi: “Hii ni kodisili ya kwanza ya wosia wangu wa tarehe 4 Machi 2016. Nafuta aya ya 3, na badala yake nampa binti yangu,” kisha jina kamili, nambari ya kitambulisho na nambari ya ploti, “na katika mengine yote nathibitisha wosia huo.” Neno “badala yake” lina kazi kubwa. Fikiria angekuwa anabadilisha fedha za mpwa, akaandika tu “nampa mpwa wangu shilingi 300,000.” Je, ni 300,000, au ni 500,000 ukijumlisha na zile za mwanzo? Kesi inaweza kuanzia hapo.

Kosa baya kuliko yote hutoka kwenye fomu za kunakili. Karibu kila kielelezo cha wosia huanza na “nafuta wosia wowote nilioandika awali.” Sentensi hiyo ikiingia kwenye kodisili, imeufuta wosia wa 2016 wote. Itabaki zawadi ya ploti peke yake, na mali nyingine igawanywe kana kwamba mama hakuacha wosia. Mpwa hapo hana chake.

Mtego wa pili ni mashahidi. Tuseme mume wa binti yuko nyumbani siku hiyo, naye anatia saini kama shahidi. Kodisili haifi, lakini zawadi anayopewa shahidi, au mume au mke wa shahidi, ni batili, isipokuwa wawepo mashahidi wengine wawili huru. Aya ya 3 imekwisha kufutwa, zawadi mpya imeanguka. Ploti iko hatarini kuangukia mali ya kugawana watoto watatu, jambo ambalo mama hakulitaka kamwe.

Usiibane kodisili kwenye wosia wa asili kwa stepla, kwa maana matundu yakionekana baadaye mtu atauliza ni karatasi gani iliyong'olewa. Weka nakala halisi za nyaraka zote mbili mahali pamoja, na umwambie msimamizi wa wosia kwamba ziko mbili, maana zote hupelekwa mahakamani.

Kodisili haifai kila mara. Ukioa au kuolewa baada ya kuandika wosia, ndoa hiyo kwa kawaida huufuta, kwa hiyo andika mpya. Waislamu nao wosia wao unafuata sheria ya Kiislamu, si utaratibu huu. Na kuna jambo ambalo wateja hulikumbuka wakiwa tayari wameshika kalamu: kifungua mimba atasoma karatasi zote mbili, aone kwamba ploti ilikuwa yake na siku gani aliondolewa. Mama asiyetaka hilo lijulikane aandike wosia mpya, kisha auchome ule wa zamani.