Memo ya ofisi ni nini, na tangazo la barua pepe linageuzwaje kuwa memo

Memo ni taarifa ya maandishi inayozunguka ndani ya taasisi moja, kutoka ofisi moja kwenda nyingine. Ikitoka nje ya geti si memo tena, ni barua. Wengine huiita waraka wa ndani. Serikalini Tanzania kuna pia dokezo, lakini dokezo kwa kawaida hupanda kwa mkubwa likiomba uamuzi, wakati memo hushuka au kusambaa kwa wengi ikiwaarifu jambo au kuwaagiza.

Mtu akiambiwa "hili tangazo lako liweke kwenye memo", mara nyingi anachofanya ni kunakili maneno yake yote, kuyabandika kwenye ukurasa mpya, kisha juu yake kuandika MEMO kwa herufi nene. Hiyo bado ni barua pepe, ila imevaa kofia.

Barua pepe nayo imezaliwa na memo. Sehemu zile za juu, yaani anayetuma, anayepokea, tarehe na mada, zinafuata kichwa cha memo za karatasi, na kiwango cha RFC 822 cha mwaka 1982 kiliziweka rasmi kwa ajili ya mtandao. Hata ile cc ni mabaki ya karatasi ya kaboni iliyowekwa kati ya kurasa mbili kwenye taipureta ili nakala ijipige chini. Tofauti ni kwamba kwenye barua pepe mashine ndiyo inayokumbuka nani kapelekewa, lini, na nini kilisemwa kabla. Memo ikishaingia kwenye jalada haina mashine ya kuikumbushia. Kila kitu lazima kiwe usoni pake.

Tuchukue tangazo hili, la aina inayotumwa kila wiki katika ofisi zetu. Mada yake ni "MAJI!!!", limetumwa Jumatano kwa anwani ya kundi la wafanyakazi wote:

"Habari zenu wapendwa, poleni na majukumu. Kama nilivyowadokeza jana, wale jamaa wa kuosha matangi wanakuja Jumamosi, kwa hiyo tusitumie maji kuanzia saa 4 mpaka watakapomaliza. Jazeni ndoo mapema jamani, hasa jikoni na zahanati. Magari msiache pale nyuma. Mwenye swali anicheki. Asanteni, Mama J."

Ni tangazo zuri tu. Wanaomjua Mama J na waliokuwepo jana wameelewa. Sasa lisome kama mtu aliyelikuta kwenye jalada miezi minane baadaye. Jumamosi ipi? Jamaa gani? Pale nyuma ya nini? Mama J ni nani, na ana mamlaka gani ya kufunga maji? Maswali hayo ndiyo yanayokuonyesha cha kubadilisha.

Anza na kichwa cha memo. Kina mistari mitano, na ofisi nyingi hukipanga hivi:

MEMO

KWENDA KWA: Angalia mgawanyo mwishoni
KUTOKA KWA: Afisa Tawala
TAREHE: 11 Juni 2025
KUMB. NA.: UT/12/4/37
YAH: KUFUNGWA KWA MAJI KWA AJILI YA USAFI WA MATANGI, JUMAMOSI 14 JUNI 2025

Kwenye "kutoka kwa" kinakaa cheo, maana agizo ni la ofisi. Mama J akihamishwa mwezi ujao, agizo linabaki. Jina lake si lazima lipotee: huwekwa pamoja na sahihi chini, au huweka ufupisho wa sahihi pembeni ya cheo chake hapohapo juu. Fuata desturi ya ofisi yako, lakini usiache memo bila alama ya mkono wa aliyeitoa, kwa sababu memo isiyotiwa sahihi ni rasimu.

Kumbukumbu namba hutolewa masijala. Usijitungie. Katika mfano huu, UT/12/4 ni jalada la mambo ya majengo, na 37 ni namba ya karatasi hii ndani ya jalada hilo, ile ambayo watu wa masijala huiita folio. Faida yake utaiona siku ya kutoa memo ya pili, mathalani usafi ukiahirishwa. Badala ya "kama nilivyowadokeza jana" utaandika "rejea memo Kumb. Na. UT/12/4/37 ya tarehe 11 Juni 2025", na mtu yeyote ataipata.

YAH ni kifupi cha "yahusu". Kenya utakutana zaidi na KUH, na wengine huandika MINT, yaani mintarafu. Mstari huu unatakiwa ubebe jambo na siku yake. "MAJI!!!" inavuta jicho ndani ya sanduku la barua, lakini kwenye jalada lenye karatasi mia haisemi kitu, na alama tatu za mshangao hazisaidii.

Ushauri mmoja wa upangaji: usisogeze maneno kwa kugonga kitufe cha nafasi mpaka nukta pacha zilingane. Ukibadilisha aina ya herufi tu, kichwa chote kinapinda kama uzio wa miti. Tumia jedwali la safu mbili lililofichwa mistari.

Kwenye mwili, salamu zinaondoka. Memo haina "wapendwa" wala "wako mtiifu", kichwa kimeshasema nani anaongea na nani. Wengi huanza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Mimi nauacha. Unakula mstari mzima kumwambia msomaji asome alichokwisha kusoma.

Usianze kuandika bado. Chukua simu umpigie Mama J, kwa sababu tangazo lake lina mashimo ambayo huna haki ya kuyaziba kwa kubahatisha. "Mpaka watakapomaliza" ni lini? Akasema mafundi wameahidi saa 11:00 jioni. "Pale nyuma" ni uwanja wa nyuma ya jengo la ghala, kwa sababu boza la maji litaegeshwa hapo. Na "saa 4" je? Hapa pana mtego wa Kiswahili wenyewe. Kwetu saa 4 ni saa nne ya asubuhi, lakini kalenda ya simu inaandika 10:00, na mtu aliyezoea kusoma saa kwenye simu anaweza kuichukua kama saa kumi jioni. Kwa hiyo kwenye memo saa haikai bila kipindi chake: "saa 4:00 asubuhi". Kama ofisi ina wageni, ongeza "(10:00)" mara moja, inatosha.

Mwili unakuwa hivi:

"Matangi ya maji ya ofisi yatasafishwa Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Maji yatafungwa katika majengo yote kuanzia saa 4:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni.

2. Jiko na zahanati wahifadhi maji ya kutosha kabla ya saa 3:30 asubuhi siku hiyo.

3. Magari yasiegeshwe nyuma ya jengo la ghala kuanzia Ijumaa jioni, ili boza lipate nafasi.

4. Maswali yaelekezwe ofisi ya Afisa Tawala."

Usidhani namba 1 imesahaulika. Ni desturi ya maandishi ya serikali: aya ya kwanza haipewi namba, hesabu inaanzia 2. Sekta binafsi hawajali sana, lakini namba zenyewe zina kazi, maana mkuu wa jiko anaweza kupiga simu na kusema "aya ya 2 hainitoshi" bila kusoma upya.

Angalia pia kilichotokea kwa "jazeni ndoo mapema jamani". Ombi limepata mtendaji na saa. Urasmi hauji kwa maneno mazito kama "kutokana na sababu zisizoepukika". Unakuja pale anayetakiwa kufanya anapotajwa.

Mgawanyo sasa, ambao watu huufanya kwa haraka kuliko vyote. Kwenye barua pepe uliandika anwani moja ya kundi, mashine ikasambaza. Kwenye memo kundi halipo, lazima ulifumue utaje ofisi mojamoja. Kila unayemtaja unamuuliza swali moja: huyu anatakiwa afanye kitu, au ajue tu?

MGAWANYO

Kwa utekelezaji:
Mkuu wa Jiko
Mganga Mfawidhi, Zahanati
Msimamizi wa Magari
Kiongozi wa Walinzi

Kwa taarifa:
Mkurugenzi
Wakuu wa Idara: Fedha, Utumishi, Ugavi
Mbao za matangazo
Jalada

Ofisi nyingine huliita fungu la pili "Nakala kwa". Mkurugenzi kuwa chini ya mkuu wa jiko si kumkosea heshima, maana orodha imegawanywa kwa kazi. Ndani ya kila fungu ndipo unapofuata vyeo. Kampuni ya kuosha matangi haimo kabisa, kwa sababu hao ni watu wa nje, wanaandikiwa barua. Orodha ikizidi ukurasa, ihamishie ukurasa wa pili na urudie kumbukumbu namba juu yake, isije ikachanika ikabaki yatima.

Memo ya karatasi unachapa nakala kulingana na mgawanyo, kisha kwenye kila nakala unatia vema mbele ya jina la atakayeipokea. Ukibaki na nakala isiyo na vema, kuna mtu umemsahau.

Kumsahau mtu ndiko kulikonifundisha mimi. Ofisi niliyokuwa nayo zamani tulitangaza usafi wa matangi kama huu kwa barua pepe, kwa wafanyakazi wote, asubuhi na mapema. Jumamosi boza likafika, mlinzi akalirudisha getini. Alifanya kazi yake sawasawa: gari asilolijua, siku isiyo ya kazi, hana karatasi ya kuliruhusu. "Wafanyakazi wote" kwenye mashine yetu walikuwa wenye anwani ya barua pepe. Walinzi, madereva na wahudumu hawakuwa nazo, na hatukuwahi kuliona hilo mpaka tulipoketi kuandika mgawanyo kwa vyeo.

Safari ya pili mhudumu alizunguka na memo na kitabu cha dispachi. Getini mlinzi aliisoma yote amesimama, akauliza namba ya usajili ya boza, akaiandika kwa kalamu pembeni mwa aya ya 3, ndipo akatia sahihi ya kupokea.