Gemu ya X na O: mambo watu wanayoamini kuhusu kumtafuta mshindi

Tuseme ubao ni arei ya mistari mitatu, kila mstari una visanduku vitatu, 0 ni kisanduku kitupu, 1 ni X na 2 ni O. Mistari ya kushinda iko 8 tu, mitatu ya kulala, mitatu ya kusimama na mishazari miwili. Inaonekana kitu cha dakika tano, ila hapohapo ndo watu wengi wanapoteza jioni nzima.

Dhana: ukitaka kujua kama visanduku vitatu vinafanana unaandika tu `a == b == c`.

Kwenye Python sawa, inafanya kazi maana Python inaisoma kama `a == b and b == c`. Kwenye JavaScript na C ni stori nyingine kabisa: inalinganisha a na b kwanza, inapata jibu la kweli au si kweli, halafu hilo JIBU ndo linalinganishwa na c, na kweli inahesabika kama 1, si kweli kama 0. Yaani c hailinganishwi na b hata kidogo. (Java ukitumia namba inagoma kukompaili, na hapo imekuokoa.)

Ona kinachotokea kwenye JavaScript:

```
1 == 1 == 1   // true
0 == 0 == 0   // false
2 == 2 == 2   // false
2 == 2 == 1   // true
0 == 1 == 0   // true
```

Mbili za juu ndo zinadanganya watu, kwa sababu mtu akijaribu programu anaanza na ubao mtupu, anaona hakuna mshindi, anajaza X tatu kwa mkupuo, anaona X kashinda, anasema poa imekubali. Kumbe O hawezi kushinda hata akijaza mstari mzima, na mstari wa mwisho hapo juu unamaanisha X akicheza katikati tu, mara ya kwanza kabisa, gemu inatangaza mshindi! Ukiona gemu yako inaisha baada ya mtu mmoja kucheza, anza kuchungulia hapa. Na ukibadilisha kuwa `===` ndo hakuna atakayeshinda milele, maana `true` na 1 ni aina mbili tofauti.

Iandike kwa urefu wake, tena na kisanduku kitupu ukikatae mwanzoni, la sivyo sufuri tatu nazo zinakuwa mshindi:

```
a !== 0 && a === b && b === c
```

Dhana: jumlisha tu, ikifika 3 basi X kashinda.

Kwa namba hizi hapana, maana 1 + 2 + 0 nayo ni 3. Hesabu ya kujumlisha inakubali ukimpa X 1 na O -1, hapo 3 haipatikani ila kwa X tatu na -3 haipatikani ila kwa O tatu.

Dhana: ndani ya lupu, mstari usipokuwa na mshindi rudisha "hakuna".

Hii naiona sana. Mtu anaweka `return 0` kwenye `else`, sa lupu inakagua mstari wa juu, haijakuta kitu, inatoka mazima, mistari mingine yote haijaguswa. Dalili yake ni kwamba ushindi wa mstari wa juu tu ndo unatambulika. `return 0` inakaa mwisho kabisa, nje ya lupu, baada ya yote 8 kukaguliwa, na mshazari wa pili usisahau ni `ubao[i][2 - i]`.

Dhana: ubao ukijaa ni sare.

Angalia huu:

```
1 2 1
2 1 2
2 1 1
```

Kabla ya X kucheza kile cha chini kulia hakuna aliyeshinda, akikijaza ubao umejaa na papo hapo mshazari wake umetimia, kwa hiyo ukiuliza "umejaa?" kabla ya kuuliza "kuna mshindi?" unamnyima mtu ushindi wake halali. Mshindi kwanza, sare baadaye. Bagi hii ni ya kukera maana inajificha, inatokea tu ushindi ukija kwenye kisanduku cha mwisho kujazwa.

Na wale wanaosema kukagua mistari yote 8 kila zamu kunachelewesha gemu, jamani, ni ulinganisho usiofika hata 30, kompyuta haihisi kitu. Ukitaka kupunguza kagua ile tu inayopita kwenye kisanduku kilichochezwa sasa hivi: cha katikati inapita 4, kona 3, vya pembeni 2. Ila hiyo ina maana ukiwa na ubao wa 20 kwa 20, kwenye huu wa tatu kwa tatu unajiongezea tu sehemu za kukosea.