Somo la redio lenye kimya ndani yake

Watu wakisikia "masomo kwa redio" hudhani ni mwalimu anayesoma kitabu mbele ya maikrofoni. Hilo ni tangazo tu. Somo shirikishi la redio lina kimya ndani yake: sauti inauliza, inanyamaza, mtoto anajibu au anaandika kwenye kitini chake, ndipo jibu linatajwa. Mtindo huu ulijaribiwa Nikaragua kuanzia mwaka 1974, kwa hesabu za shule ya msingi.

Tuseme shule za Tanga zimefungwa, kama zilivyofungwa za nchi nzima Machi hadi Juni 2020. Mtoto wa darasa la nne kule Sahare ana kitini, na juu yake imeandikwa siku na saa ya kipindi. Redio inasema: "Ukurasa wa 6. Mvuvi ana samaki 56, anawagawa sawasawa kwenye matenga 4. Kila tenga lina wangapi?" Halafu kimya.

Kimya hicho ndicho huharibiwa kwanza. Studioni sekunde ishirini huonekana mwaka mzima, basi fundi anazikata, na mtoto anasikia jibu kabla hajashika penseli. Dawa yake ni kuwasomea swali watoto wachache kabla ya kurekodi, na kuhesabu muda wanaoutumia.

Jumatatu vitini vinarudishwa, na hapo kuna mtego. Ukurasa wa 6 ukiwa umejaa 14 zilizonyooka, hujui kama kaandika mtoto, dada yake, au redio yenyewe iliyotaja jibu. (Mwandiko wa dada hujulikana, lakini jibu la redio halina mwandiko.) Kwa hiyo mwalimu anapiga simu nyumbani, anamwomba mama amwite mtoto, na anampa swali jipya la aina ileile: 72 gawanya kwa 4. Kisha anamwambia, "Nieleze umefanyaje."

Akisema 18 na njia yake ikaeleweka, anaendelea mbele. Akisema 10, kosa linajitaja lenyewe: amegawanya 7 kwa 4 akapata 1, akaisahau 3 iliyobaki, kisha akaona 2 haigawanyiki kwa 4 akaweka 0. Mtoto huyo anaijua jedwali la 4, asichokijua ni kwamba ile 3 ni makumi matatu.

Simu ni ghali kuliko ujumbe mfupi, lakini Botswana mwaka 2020 walijaribu vyote viwili kwa hesabu, na waliopigiwa simu pamoja na kutumiwa ujumbe ndio walionufaika waziwazi. Mahali penye simu moja kwa nyumba kumi, mwalimu huuliza swali hilohilo pale vitini vinaporudishwa, mtoto mmoja mmoja.

Waliosema 10 wanapewa kitini tofauti wiki inayofuata. Kinaanza na njiti za kiberiti: mafungu saba ya kumi-kumi na njiti mbili. Kila tenga linapata fungu moja, yanabaki matatu. Hayo yanafunguliwa, yanachanganywa na zile mbili, na njiti 32 zinagawiwa upya.